Gauni la kitenge au suruali na blauzi kwenye bathdei ya mtoto?

Bathdei nyingi Kisumu hufanyiwa nyasini chini ya hema, na mama ndiye anayefunga baluni, kubeba kreti za soda na kumwinua mtoto akate keki.

Kitenge cha pamba hakivutiki. Ukiinua mikono, gauni lililobana hukaza kwapani, na mshono wa hapo mara nyingi ndio huachia kwanza. Mwambie fundi aongeze kipande cha umbo la almasi kwapani, na sketi iwe ya marinda. Sketi ya kubana magotini haikuruhusu kuchuchumaa, basi utainua mtoto kwa mgongo badala ya miguu. Lakini maua ya kitenge huficha madoa ya krimu, na kwa joto la adhuhuri gauni pana hushinda.

Suruali inayovutika huyaachia magoti, na kwenye mitumba ya soko la Kibuye unaipata bila kungoja fundi. Tatizo ni kiuno: ukiinama hushuka nyuma huku blauzi ikipanda. Tafuta ya kiuno cha juu, na blauzi ndefu ya kufika nyonga.

Jaribu yoyote nyumbani: chuchumaa, inua mtungi wenye lita 10 za maji, kisha nyoosha mikono juu. Nguo ikihitaji kuvutwa irudi mahali pake, itakusumbua mchana kutwa.

Mtoto wa mwaka mmoja, wa kubebwa kila dakika? Suruali. Wa miaka saba, na mashangazi wapo wa kusaidia? Kitenge, bora kiwe na marinda.