Databesi ya ERR ya picha zilizoporwa na Wanazi: uzoefu wangu

Mi nafanya kazi ya kufremu picha huku Ujerumani, na wateja wetu wengi ni watu waliorithi picha za zamani na sasa wanataka kuziuza. Ukienda kwenye mnada na picha iliyochorwa kabla ya 1945, siku hizi swali la kwanza ni hili, kati ya 1933 na 1945 ilikuwa kwa nani? Watu wengi hawana jibu wanabaki kushangaa, ndo maana nikaanza kutumia hii databesi ya Jeu de Paume, iko errproject.org na ni bure kabisa.

Kwa asiyejua, ERR ni kile kikosi cha Mnazi Alfred Rosenberg kilichopora sanaa za Wayahudi Ufaransa na Ubelgiji wakati wa vita. Vitu walivyochukua walivipeleka jengo la Jeu de Paume pale Paris, na huko kila kitu wakakiandikia kadi: herufi za kumtambulisha mwenye mali, namba, mchoraji, vipimo kwa sentimita, na vingine wakavipiga picha. Yaani wezi wenyewe ndo waliotunza rekodi. Zile kadi zikabaki zimetawanyika, nyingine Koblenz, nyingine Washington, nyingine kwenye nyaraka za wizara ya mambo ya nje ya Ufaransa, mpaka 2010 zilipounganishwa na kuwekwa onlaini, vitu zaidi ya 20,000.

Kabla sijaiamini nikaijaribu kwa kesi ambayo mwisho wake unajulikana, ile picha ya Matisse ya 1937, mwanamke mwenye gauni la bluu amekaa mbele ya sehemu ya moto, inaitwa Profil bleu devant la cheminée. Paul Rosenberg, dalali mkubwa wa sanaa Paris (hana undugu na yule Mnazi, jina tu limegongana), aliinunua mwaka uleule kwa Matisse mwenyewe. Vita vilipokaribia akaificha pamoja na picha nyingine zaidi ya 160 kwenye chumba cha benki mji wa Libourne, halafu 1940 akakimbilia Marekani. 1941 Wanazi wakafungua hicho chumba, picha ikaenda Jeu de Paume na kutoka hapo ikaangukia kwa Göring, mmoja wa wakubwa wa Wanazi.

Sasa angalia inapoibuka tena. Karibu 1950 tajiri wa meli wa Norwei, Niels Onstad, anainunua Paris kwenye galari ya Henri Bénézit, baadaye yeye na mkewe Sonja Henie wanajenga makumbusho karibu na Oslo na picha inakaa pale miaka na miaka. Hapo katikati, kati ya Göring na Bénézit, ndo kuna pengo. Na kwa upande wa makumbusho pengo lilikuwa kubwa zaidi, maana kwao hadithi ilianzia Paris dukani, huyo Rosenberg hayumo kabisa.

Kuna kitu kidogo kwenye haya mambo nakipenda sana, ni alama za uandishi. Makumbusho ya Marekani yakiandika historia ya umiliki, kati ya mmiliki na mmiliki wanaweka nukta-mkato kama picha ilitoka mkono kwa mkono na ushahidi upo, lakini kama haijulikani ilipitaje wanaweka nukta. Kwa hiyo mtu aliyezoea akisoma mstari wa picha ya Ulaya anatafuta nukta kwanza, na ikidondoka kwenye miaka ya 1933 mpaka 1945 anasimama hapo hapo. Ni kama kununua kiwanja, muuzaji anakwambia alikipata kwa fulani, ukiuliza fulani alikipata wapi kimya. Kimya hicho si ushahidi kwamba kimeibwa, lakini huwezi kulipa hela yako kabla hujakichimba.

Hiyo ya Matisse iliibuka kwa sababu 2012 ilipelekwa Paris kuonyeshwa kwenye kituo cha sanaa cha Pompidou, na familia ya Rosenberg walikuwa wametunza kumbukumbu za biashara ya mzee wao. Makumbusho ya Norwei walisema Onstad alinunua kwa nia njema, na sheria ya Norwei inamlinda mtu aliyekaa na mali kwa nia njema zaidi ya miaka 10, lakini mwisho Machi 2014 wakairudisha bila malipo. Bila kadi ya Jeu de Paume na daftari la familia, lile pengo lingebaki limefunikwa tu.

Haya, nije kwenye matumizi ya kila siku. Mama mmoja alituletea picha ya mandhari, mto na miti, ya familia yao. Nilipotoa fremu nikaigeuza, maana mgongo wa picha ndo unaongea. Kwenye mbao za ndani kulikuwa na lebo ya maonyesho ya 1929, nusu imechanika jina la mkopeshaji halisomeki, na namba ya chaki ya bluu. Karatasi aliyokuwa nayo ni risiti ya Paris ya 1951, basi. Miaka 22 imekaa wazi, na ni miaka ile ile mibaya.

Nikaserchi kwa jina la mchoraji, hamna. Ushauri wangu hapa, usiserchi kwa jina la picha peke yake, majina yanabadilika kila ikiuzwa, "Mto" leo kesho "Asubuhi ya Kiangazi". Pima kanvasi yenyewe bila fremu, pitia kila kitu cha mchoraji huyo, linganisha vipimo, na ukumbuke urefu na upana wakati mwingine vimeandikwa kinyume. Hamna bado. Mama akafurahi akasema basi ni safi, ikabidi nimweleze kwa upole kwamba hapana, maana yake ni kwamba haijaonekana kwenye kadi za Jeu de Paume. Picha iliyoporwa Viena au Berlin, au ambayo Myahudi aliuza kwa bei ya kutupa ili apate nauli ya kukimbia, huko haimo.

Na hata iliyomo inaweza isiwe na mwenyewe. Utakutana na herufi MA-B, hizo ni picha zilizokusanywa kwenye majumba ya Wayahudi waliokimbia au kupelekwa kambini, nyumba ilisombwa nzima, vitanda, sufuria, picha, na jina la mwenye nyumba halikuandikwa. Nyingine ni UNB, yaani hajulikani. Nyingi hazikupigwa hata picha, utakuta "mandhari" na vipimo tu. Ukizisoma mfululizo moyo unauma, kwa kweli.

Kwa yule mama tulihamia katalogi za minada ya Kijerumani ambazo Chuo Kikuu cha Heidelberg kimeziskani mpaka 1945, zenyewe pia bure, na sasa anasubiri nakala ya katalogi ya yale maonyesho ya 1929, kwa sababu hizo huwa zinataja aliyeazimisha picha. Mpaka hapo ameamua hauzi, na mi nimemuunga mkono.

Nyota nne kati ya tano. Nimekata moja kwa sababu ukurasa wa kutafutia ni wa Kiingereza wakati maelezo ya kadi yametoka kwenye Kijerumani, kwa hiyo serchi mchoraji kwa kila namna jina lake linavyoandikwa, pamoja na makosa ya tahajia ya makarani wa wakati ule.