Lipa namba yangu ilivyozuiliwa fedha msimu wa korosho, na barua iliyozitoa

Nina duka la vifaa vya ujenzi Masasi: mabati, saruji, nondo, misumari, rangi. Kampuni ninayoizungumzia hapa siitaji jina. Ni hawa wa katikati wanaokupa namba moja ya kulipia, mteja analipa kwa mtandao wowote wa simu au kwa kadi, wao wanakusanya, wanakata chao, kesho yake wanakuingizia benki. Kwa siku za kawaida sina ugomvi nao. Fedha inaingia asubuhi kabla sijamaliza kufagia baraza, na ripoti yao unaipakua ukiwa umekaa zako dukani. Tatizo lao linajitokeza pale unapouza sana.

Anayeishi huku anajua mwaka wetu ulivyo. Kuanzia Februari hadi Septemba nauza laki tatu, laki nne kwa siku, na zipo siku za msumari na kitasa tu. Minada ya korosho ikianza Oktoba, hali inageuka. Korosho inauzwa kwa stakabadhi ghalani, kwa hiyo mkulima halipwi kilo kwa kilo getini kwake. Mzigo wa AMCOS nzima, yaani chama cha ushirika cha wakulima, unakwenda mnadani pamoja, na malipo yanashuka kwenye akaunti za watu wa kijiji kimoja karibu wakati mmoja. Wiki hiyo kijiji kizima kinataka bati. Mashine iliyoko Dar es Salaam haijui habari ya AMCOS wala mnada. Inachoona ni duka lililozoea laki nne limepokea karibu milioni saba kwa siku moja, kutoka kwa namba za simu ambazo halijawahi kupokea fedha kutoka kwazo.

Ndivyo ilivyonikuta msimu uliopita. Asubuhi benki hakuna kitu. Nafungua ripoti, miamala yote ya jana imeandikwa `HELD` badala ya `SETTLED`. Jumla ni shilingi 6,840,000. Napiga huduma kwa wateja, dada wa watu ananijibu kwa upole kwamba "mama, miamala yako inapitiwa, tafadhali subiri." Inapitiwa na nani, kwa sababu gani, hana jibu. Afisa mauzo aliyeniunganisha, yule aliyekuwa anapita dukani na fulana yao mpya, naye akaniambia nisubiri. Mwenye kiwanda cha mabati kule Dar yeye hajui kusubiri.

Nilichojifunza ni kwamba watu hao wa simu hawana mamlaka ya kuachia fedha. Faili linakuwa kwa kitengo cha kupima hatari, na kitengo hicho hakisikilizi malalamiko, kinasoma vielelezo. Wanatafuta majibu ya maswali matatu: je, kuna bidhaa kweli iliyouzwa, je, aliyelipa ndiye aliyepokea, na kwa nini siku hii haifanani na siku zako nyingine. Barua ikijibu hayo inasomwa. Ikiomba huruma inakaa kwenye foleni. Mkataba wangu nao ulikuwa na anwani ya barua pepe ya malalamiko, iko ukurasa wa nyuma kabisa kwa maandishi madogo, na huko ndiko nilikotuma.

Jambo linalowakwamisha wengi ni kutuma ripoti ya Z ya mashine ya EFD peke yake na kudhani wamemaliza. Ripoti ya Z inaonyesha mauzo yote ya siku, yakiwemo ya fedha taslimu. Yangu ya siku ile ilisoma 8,310,000, wakati wao wameshikilia 6,840,000. Mtu asiyejua duka lako akiona namba mbili zisizolingana, anaweka alama nyekundu ya pili juu ya ile ya kwanza. Tofauti ile, 1,470,000, ilikuwa taslimu ya droo, na nilikuwa na karatasi ya benki inayoonyesha niliiweka. Ukiandika hesabu hiyo kwa sentensi moja, Z inakuwa shahidi wako.

Na lilikuwepo jambo lililoleta shida zaidi ya yote. Mzee mmoja wa upande wa Lulindi alinunua bati za nyumba nzima, risiti moja ya 4,200,000. Yeye alikuwa na 2,500,000 kwenye simu yake, 1,700,000 ikatoka kwa simu ya kijana wake, kwa sababu kila mmoja ameuza korosho kwa jina lake. Kwetu huo ni ununuzi wa familia. Kwa mashine ni watu wawili wanaokata fedha vipande na kuipitisha kwenye duka moja ndani ya dakika chache, na hivyo ndivyo wanaosafisha fedha wanavyofanya. Nilipolielewa hilo hasira ilipungua kidogo.

Hii ndiyo sehemu kuu ya barua, nimeondoa majina:

"YAH: OMBI LA KUACHILIWA FEDHA ZA MAUZO SH. 6,840,000 ZILIZOZUIWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mmiliki wa duka la vifaa vya ujenzi lililopo Masasi, mkoa wa Mtwara, lenye TIN na leseni zilizoambatanishwa (Kiambatisho A). Fedha tajwa ni malipo ya miamala mitano iliyofanyika siku moja, nayo ni ya risiti nne za EFD.

Risiti ya kwanza, sh. 4,200,000, ni ya mabati 100 ya geji 28 kwa sh. 38,000 kila moja, kofia 20 kwa sh. 14,000, na misumari ya bati kilo 24 kwa sh. 5,000. Ililipwa kwa miamala miwili, sh. 2,500,000 na sh. 1,700,000, na baba na mwanawe. Wote wawili wamesaini hati ya kupokea mzigo (Kiambatisho B). Risiti tatu zilizobaki ni za sh. 1,340,000, sh. 820,000 na sh. 480,000, kila moja kwa muamala mmoja.

Ripoti ya Z ya siku hiyo ni sh. 8,310,000. Ukiondoa mauzo ya taslimu sh. 1,470,000, yaliyowekwa benki (Kiambatisho C), inabaki sh. 6,840,000, ambayo ndiyo jumla mliyoizuia.

Ongezeko la mauzo linatokana na malipo ya korosho. Naambatanisha ripoti za Z za Novemba ya msimu uliotangulia kuonyesha kwamba duka hupata ongezeko la namna hii kila msimu (Kiambatisho D).

Naomba fedha ziachiliwe. Endapo kuna muamala mnaoutilia shaka, naomba mnitajie namba ya muamala huo na kielelezo kinachohitajika, na iliyobaki iachiliwe wakati huo uchunguzi ukiendelea."

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyonisaidia kuliko zote. Bila hiyo wanazuia lundo zima kwa ajili ya muamala mmoja.

Kwenye viambatisho niliweka pia ankara ya kiwanda na ukurasa wa kitabu cha stoo. Mabati ya aina ile yaliingia 312, nilikuwa nimeshauza 41, Mzee akachukua 100, yakabaki 171. Nikapiga picha yale 171 yalivyopangwa stoo na kitabu kikiwa kimefunguliwa juu yake. Duka la kupitishia fedha huwa na risiti lakini halina mzigo, ndiyo maana ankara ya ulikonunua ina uzito kuliko risiti ya uliyemuuzia. Risiti za EFD zenyewe wanaweza kuzihakiki kwenye `verify.tra.go.tz` kwa ile namba ya uhakiki iliyo chini ya risiti, kwa hiyo piga picha risiti nzima mpaka mwisho, usikate chini. Karatasi ya EFD inafifia kwa joto la huku, hivyo piga picha siku ileile. Namba za simu za wateja niliziachia tarakimu nne za mwisho tu, maana namba kamili wao wanazo tayari, na tangu 2022 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi.

Jibu lilikuja ndani ya wiki ile, na safari hii limeandikwa na mtu, siyo lile la kujijibu lenyewe. Waliachia 5,140,000, wakabakiza 1,700,000 ya kijana. Laini yake ilikuwa imesajiliwa kwa jina la dada yake, jambo ambalo mimi dukani nisingeweza kuliona. Walitaka uthibitisho wa uhusiano. Mzee alikwenda kwa mtendaji wa kijiji, akaandikiwa barua yenye mhuri, nikaituma nikitaja namba ya kumbukumbu ya malalamiko yangu. Ikaachiliwa. Makato yao walikata kama kawaida, na pole hawakutoa.

Wenzangu wameniuliza kwa nini sikwenda moja kwa moja Benki Kuu, tawi lipo Mtwara mjini. Dawati la malalamiko la Benki Kuu linakutaka kwanza uwe umemlalamikia mtoa huduma mwenyewe na ama hukuridhika na jibu au hukujibiwa. Kwa hiyo barua hii unaihitaji kwa vyovyote, pamoja na namba ya kumbukumbu waliyokupa. Malalamiko ya kwenye simu ambayo hayana namba hayakufikishi huko. Jambo jingine: kama fedha imezuiwa kwa amri ya vyombo vya dola, barua ya mauzo haiifungui, na sheria ya utakatishaji inawakataza watumishi wa kampuni kukwambia kwamba umetolewa taarifa. Dalili yake ni kukataa kutaja hata namba ya muamala. Hapo tafuta wakili, usipoteze vocha kupiga simu.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Moja nimeipunguza kwa sababu ya `HELD` isiyo na maelezo, maana mstari mmoja tu wa "tunahitaji risiti na uthibitisho wa mzigo" ungeokoa muda wa kila mtu. Nyingine ni kwa kutokujua soko wanalohudumia: wanasajili maduka Masasi, Newala na Tandahimba, halafu wanashangaa fedha ikija Novemba. Msimu huu niliwaandikia Septemba, kabla ya mnada wa kwanza, nikiwaeleza makadirio ya mauzo yangu na kuambatanisha Z za msimu uliopita. Wamenipandishia kiwango na mpaka sasa hawajazuia kitu.

Saruji, nondo na rangi bado napokea kwa namba yao. Bati za nyumba nzima, mteja analipa benki kwenye akaunti ya duka, ananionyesha karatasi, ndipo kirikuu inapakia.