Kipeperushi cha M-Pesa: jedwali zuri, picha moja mbovu

Shangazi yangu anauza mahamri na mbaazi Kisauni, na ana miezi minne tu tangu asajili laini ya M-Pesa kwa jina lake. Nilimchukulia kipeperushi cha picha kwa wakala, karatasi moja iliyokunjwa mara tatu, nikakaa naye baada ya Isha tukakipitia.

Jedwali la ada ndilo lililomfaa zaidi. Kila asubuhi alikuwa akitoa 500 za unga na mafuta, siku tano kwa wiki, akiamini kwamba ukitoa kidogo unakatwa kidogo. Kumbe kutoa kwa wakala ni shilingi 29 kuanzia 101 mpaka 2,500. Mara tano ni 145. Angetoa zote Jumatatu, angekatwa 29 basi. "Wallahi nimekuwa nikila unga wangu mwenyewe," akasema.

Kuna jambo kipeperushi hakikuligusa, nalo ni "ya kutolea". Bintiye yuko Malindi na humtumia 2,500. Ili binti azipate kamili mkononi, shangazi hutuma 2,529. Zile 29 zinamvusha ngazi: kutuma 2,500 ni 33, lakini ukishapita hapo ni 53. Sasa anatuma 2,500, kisha 29 peke yake, kwa sababu kutuma shilingi 100 kushuka chini ni bure. Ishirini imebaki kwake. (Ada hubadilika, na karatasi haina tarehe ya kuchapwa, kwa hivyo linganisha na bango la wakala.)

Sehemu ya usalama imeniudhi. Maneno yanasema usimpe mtu simu wala PIN, ilhali picha ya juu yake inaonyesha wakala ameshika simu ya mteja! Shangazi husoma picha kwanza. Nimeichora msalaba kwa kalamu. Ila ukurasa wa ujumbe bandia ni mzuri: unaonyesha ujumbe wa kweli ukitoka kwa MPESA na ule wa uongo ukitoka kwa namba ya kawaida, halafu mtu anapiga akilia kuwa amekosea namba. Wanasema angalia salio kwanza. Lingekuwepo na neno moja kuhusu kusambaza ujumbe kwa 456 ukikosea wewe kutuma, ningefurahi zaidi.

Nyuma kuna mfano wa daftari: tarehe, jina, zilizoingia, zilizotoka. Shangazi akaufuata wiki nzima, na Ijumaa daftari likawa na shilingi 62 zaidi ya simu. Akaanza kumshuku mwanawe mdogo. Tulipopitia ujumbe mmoja mmoja tukazipata: 33 za kutuma Malindi, 29 za kutoa. Mfano hauna safu ya ada. Tumeichora ya tano kwa rula, na mtoto ameombwa radhi kwa mahamri mawili.