Video za kutazama bila mtandao: ulipie huduma gani kabla ya kwenda ushago

Kila Desemba watu wa Nakuru na Kisumu hujaza simu zao filamu na katuni za watoto kabla ya kufunga safari ya nyumbani. Wanatumia waifai ya kazini au ya jirani, wanaona alama ya kupakua imegeuka tiki, wanaridhika. Wiki moja baadaye, wakiwa kijijini, nusu ya video hizo hazifunguki. Faili bado imo ndani ya simu, nafasi imeliwa vilevile, lakini programu inadai mtandao.

Kwa hiyo ukitaka kulipia huduma kwa ajili ya kupakua, usianze kwa kuuliza ina filamu ngapi. Uliza video iliyopakuliwa inakaa siku ngapi bila simu kugusa mtandao, na ukishaianza unabaki na muda gani. Ndivyo nilivyozipanga hapa chini.

Kwanza ujue unachonunua. Unapopakua video ndani ya programu, simu hupokea vitu viwili. Cha kwanza ni faili yenyewe, ambayo imefungwa kwa msimbo wa siri. Cha pili ni leseni, kifurushi kidogo mno kinachobeba ufunguo wa kuifungua faili hiyo pamoja na masharti yake. Kwenye simu za Android, kazi ya kutunza ufunguo huo hufanywa na mfumo uitwao Widevine, na kwenye aifoni ni FairPlay. Masharti ya leseni huweza kuwa na vipima muda viwili vinavyohesabu kila kimoja kivyake: kimoja kinaanza siku uliyopakua, kingine kinaanza pale unapobonyeza kucheza kwa mara ya kwanza. Kikiisha chochote kati ya hivyo, ufunguo unakataa.

Ukitaka kuona jambo hili kwa macho, unganisha simu na kompyuta utafute folda hii:

```
Android/data/com.netflix.mediaclient
```

Ndani yake, kama simu yako inaruhusu kuifungua, utakuta mafaili makubwa, pengine mamia ya megabaiti. Yanakili kwenye kompyuta, jaribu kuyafungua kwa VLC: hayachezi. Ndiyo maana pia kuhamisha kadi ya kumbukumbu kutoka simu yako kwenda ya ndugu yako hakusaidii. Faili imehama, ufunguo umebaki kwenye simu ya kwanza.

Sababu ya kuweka muda si ukorofi wa programu peke yake. Filamu nyingi si mali ya huduma inayokuonyesha. Imezikodi kutoka kwa wenye haki, kwa nchi fulani na kwa kipindi fulani, na mkataba ukiisha lazima nakala zote zifungwe, hata zilizo mfukoni mwako. Sababu ya pili ni malipo. Bila ukomo, mtu angelipa mwezi mmoja, apakue filamu za mwaka mzima, kisha aache kulipa. Simu isiyo na mtandao haiwezi kuulizwa kama mwenyewe bado ni mteja, kwa hiyo leseni hupewa muda mfupi ili simu irudi kuripoti.

Sasa tuchukue familia moja ya mfano. Inaondoka Nakuru tarehe 14 Desemba kwenda kisiwa cha Mfangano, Ziwa Victoria: Kericho, Homa Bay, Mbita, kisha kuvuka ziwa. Itarudi tarehe 2 Januari. Wamepakua kila kitu usiku wa tarehe 13, na wakiwa kisiwani hawataki kuchoma data kwa video. Wanahitaji video zitakazodumu siku 20.

Nafasi ya kwanza: YouTube Premium. Kwa safari ya namna hii sioni mshindani. Video nyingi zilizopakuliwa hukaa hadi siku 29 bila simu kuunganishwa, na kuianza video hakuipunguzii muda. Mtoto anaweza kurudia katuni ileile kila asubuhi mpaka Januari. Isitoshe, hesabu ya siku haikomei siku ya kupakua. Simu ikiingia mtandaoni na programu ikawasiliana na YouTube, siku zinaanza upya. Familia yetu ikiwasha data kidogo pale Mbita kabla ya kupanda boti, ikafungua programu na kuiacha dakika chache, inavuka ziwa ikiwa na muda mpya.

Ina mipaka mitatu. Baadhi ya video, hasa katika nchi ambako kupakua kunaruhusiwa bila kulipa, zina muda wa saa 48 tu, basi usichukulie kwamba kila chenye alama ya kupakua kina mwezi. Mwenye video akiifuta au akiifanya ya faragha, nakala yako itaondoka simu ikirudi mtandaoni. Na uanachama ukikatika, video zilizopakuliwa nazo zinafungwa. Hapo ndipo wengi wanapoumia: malipo ya mwezi yanaangukia katikati ya likizo, kadi ya M-Pesa GlobalPay haina pesa kwa sababu salio limeishia kwenye nauli na mbuzi, na uanachama unakatika bila mtu kujua. Angalia tarehe ya malipo kabla ya kuondoka na uache pesa ya kutosha.

Nafasi ya pili: Netflix. Hapa kila filamu ina masharti yake. Zipo zinazokaa muda mrefu, zipo za siku 7, na zipo zinazofungwa saa 48 baada ya kubonyeza kucheza kwa mara ya kwanza. Nimeiweka ya pili kwa sababu inakuonyesha hali mapema. Fungua ukurasa wa Downloads: filamu iliyobakiza chini ya siku 7 huandikwa muda wake pembeni. Isiyoandikwa chochote ina zaidi ya hapo. Ukurasa huo utazamwe usiku wa kufunga mizigo, ukiwa bado na waifai.

Familia yetu ikipakua filamu ya siku 7 tarehe 13, itafungwa tarehe 20, kabla hata ya Krismasi. Ile ya saa 48 ina mtego mbaya zaidi. Watoto wakiianza kwenye matatu, wakaitazama dakika kumi kisha wakalala kabla ya Kericho, saa imeshaanza kuhesabu. Jioni ya tarehe 16 wakitaka kuimalizia, haifunguki. Filamu ya namna hiyo ni ya kutazamwa siku moja na kumalizwa. Waambie watoto wasiibonyeze kuonja.

Ikishafungwa, usiifute upesi. Faili bado ni nzima, kilichokufa ni leseni. Gusa alama ya onyo iliyo kando ya filamu, uchague kuifanya upya. Kama Netflix bado ina haki ya filamu hiyo, leseni mpya inashuka kwa data ndogo sana, na filamu inafunguka bila kupakuliwa tena. Anayeifuta na kuanza upya anachoma mamia ya megabaiti kwa kazi ambayo bando la bei ya chini kabisa lingeimaliza. Ila kuna filamu ambazo wenye haki wameweka idadi ya mara za kupakua kwa mwaka, na programu itakuonya ukikaribia mwisho.

Kuhusu mpango wa kulipia: ule wa bei ya chini wa simu unaruhusu kupakua kwenye kifaa kimoja tu. Standard ni vifaa viwili, Premium sita. Kama baba na watoto wanataka kila mmoja na simu yake, mpango wa simu hautawatosha. Vilevile usilipie mpango wa picha kali kwa simu isiyoweza kuionyesha. Kwenye Android, fungua programu ya Netflix, ingia App Settings kisha Playback Specification, usome mstari wa Widevine. Ikiwa ni L1, simu inaweza kupokea picha kali. Ikiwa ni L3, kama zilivyo simu nyingi za bei nafuu, utabaki na picha ya kawaida hata ukilipa zaidi. Muuzaji mkweli wa simu pale mjini Nakuru atakuruhusu kuangalia kabla hujatoa pesa.

Nafasi ya tatu: Prime Video. Mara nyingi una siku 30 kabla ya kuianza filamu, kisha saa 48 baada ya kuianza. Kwa mtu mzima anayesafiri peke yake, anayefungua filamu moja jioni na kuimaliza, mpangilio huu unafaa, na kwa siku 20 za Mfangano filamu ambazo hazijaguswa zitamsubiri. Kwa nyumba yenye watoto sita wanaopokezana simu, hazitafika Krismasi. Muda nao hutofautiana kwa mwenye haki, basi soma unachoandikiwa kwenye kila filamu.

Nafasi ya mwisho: kukodi filamu moja moja. Kanuni ya kawaida ni hiyohiyo, siku 30 za kuianza na saa 48 za kuimaliza, lakini hapa umelipia filamu yenyewe, na ikifungwa katikati unalipa tena ukitaka kuimaliza. Sioni sababu ya kuibeba safarini, labda kwa usiku mmoja wa ndani ya basi.

Mambo mawili ya kiufundi yanasumbua watu wa huku kila mara. La kwanza ni kurudisha tarehe ya simu nyuma ili leseni ionekane bado hai. Mifumo hii imetengenezwa ikijua hila hiyo. Unaweza kuishia programu ikikataa hata filamu zilizokuwa na muda wake halali, mpaka urudishe saa sahihi na uingie mtandaoni. La pili ni kutoka kwenye akaunti ili mwenzako aingie yake kwenye simu hiyohiyo. Ukitoka, video ulizopakua hazitapatikana, na kijijini huna waifai ya kuzirudisha. Akaunti ikae ilivyo mpaka mrudi.

Jaribio la mwisho lifanyike nyumbani. Ukishapakua, washa hali ya ndegeni, funga programu kabisa, uifungue tena. Kwenye YouTube cheza kila video sekunde chache, hakuna hasara. Kwenye Netflix na Prime usicheze zile za saa 48. Jaribu video moja tu usiyoijali, na nyingine uzisome muda wake kwenye orodha. Video inayogoma sebuleni ukiwa na waifai unaipakua tena mara moja. Ikigoma ukiwa ndani ya boti, itakubidi urudi Mbita kutafuta mtandao.