Uchambuzi wa Time Machine: kurudisha faili la mizani lililofutwa wiki tatu zilizopita

Watazamaji wangu, karibuni. Leo nipo Mtwara Mjini, na kompyuta hii ya Mac iliyo mbele yangu ni ya dada mmoja, karani wa chama cha msingi cha ushirika wilayani Tandahimba. Tarehe 5 Novemba 2025, alipokuwa akipunguza mafaili kwenye folda lake liitwalo Korosho, alifuta faili la `Mizani.xlsx` lenye kilo za kila mkulima tangu msimu uanze, kisha akamwaga na pipa la taka. Aligundua tarehe 28, mkulima alipokuja kuuliza kilo zake. Nitachambua Time Machine, chombo cha kuhifadhi nakala kinachokuja na Mac, kwa kukitumia kwenye tatizo hili hili.

Kabla hajanifikia alikuwa amekwishajaribu mwenyewe na kukata tamaa, kwa sababu alifungua Time Machine bila kuchomeka diski yake ya nje. Bila diski hiyo, Mac huonyesha nakala za muda inazozitunza ndani yake yenyewe, nazo hukaa kwa takribani saa 24 tu. Utalitambua kosa hili ukiangalia mistari ya tarehe iliyo ukingoni mwa skrini upande wa kulia: ukiona nakala za leo na jana peke yake, faili lako huenda lipo salama, ila diski yenye nakala za zamani haijachomekwa.

Basi tumechomeka diski. Hatua inayofuata ndiyo wengi huiruka: fungua kwanza folda ambamo faili lilikuwa, nasi tunafungua Korosho katika Finder, ndipo ubofye alama ya saa iliyo juu ya skrini na kuchagua `Browse Time Machine Backups`. Time Machine haikuulizi unatafuta nini. Hulichukua dirisha lililo wazi mbele yako na kukuonyesha jinsi lilivyokuwa siku zilizopita, moja nyuma ya jingine. Ukiingia huku dirisha lililo wazi ni la picha, utarudishwa nyuma kwenye picha.

Sasa ninabofya mshale wa juu ili kurudi nyuma. Dada huyu huchomeka diski kila Ijumaa jioni, kwa hiyo tunakutana na tarehe 21 Novemba, faili halipo; tarehe 14, halipo; tarehe 7, halipo, maana lilikuwa limefutwa siku mbili kabla; tarehe 31 Oktoba, lile pale. Usirudishe papo hapo. Lichague faili, kisha bonyeza kitufe cha nafasi kwenye kibodi, nalo litafunguka ulitazame. Hapa tunaona majina ya wakulima na safu ya kilo, na mstari wa mwisho ni wa tarehe 31 yenyewe. Nimeridhika, ninabofya `Restore`.

Kompyuta inauliza swali, kwa sababu baada ya kupotelewa alianza faili jipya kwa jina lile lile. Ninachagua `Keep Both` ili yote mawili yabaki. Angechagua `Replace`, la zamani lingekaa mahali pa jipya, na mizani aliyoiandika tangu tarehe 28 ingepotea.

Hapa ndipo ninapotaka msikilize kwa makini, kwa kuwa ndipo ulipo mpaka wa chombo hiki. Mizani ya tarehe 1 hadi 5 Novemba haimo katika faili tulilolirudisha. Diski ilipochomekwa tarehe 7 ilinakili hali ya siku hiyo, wakati faili halikuwepo tena, na nakala za ndani za siku zile zilikuwa zimekwishafutika. Diski ikiwa imechomekwa muda wote, Time Machine hutunza nakala za kila saa kwa saa 24 zilizopita, za kila siku kwa mwezi mmoja uliopita, na zaidi ya hapo moja kwa kila wiki, hadi diski ijae na zile kongwe zianze kuondolewa. Kwa hiyo faili lililoishi siku mbili tu, likatafutwa baada ya miezi miwili, linaweza kabisa lisionekane.

Tathmini yangu ni kwamba katika kurudisha faili moja chombo hiki ni chepesi na cha kuaminika, na sioni sababu ya mtu mwenye Mac kununua kingine kwa kazi hii. Ninachokilaumu ni ukimya wake: hapakuwa na onyo lolote kwamba kati ya Ijumaa na Ijumaa pana pengo. Dada yetu ameketi hapa pembeni na kitabu cha stakabadhi, anaijaza mizani ya siku zile tano kwa mkono, na diski yake tumeiacha imechomekwa.