Aspateti 102 na aspateti 189: mtego wa swali la tripsini

Kwa mwanafunzi wa bayokemia hapa Dodoma anayenoa kalamu kwa mtihani, hizi ndizo aspateti mbili za kutenganisha katika tripsini, kimeng'enya kinachokata protini.

Aspateti 102 imo kwenye utatu wa kichocheo, pamoja na histidini 57 na serini 195. Inaikalisha histidini sawasawa na kuituliza pale inapobeba chaji chanya. Histidini hunyakua protoni ya serini, oksijeni ya serini inashambulia kaboni ya kiungo cha peptidi, na kipande kimoja kinaondoka. Kingine hubaki kimeng'ang'ania serini hadi maji yakiachilie. Hatua hii ya maji husahaulika sana.

Aspateti 189 haikati kitu. Imekaa chini ya mfuko wa kimeng'enya, chaji yake hasi ikivuta lisini au ajinini.

Mtahini akiibadili 102 kuwa asparajini, kasi kwenye pH ya kawaida hushuka karibu mara 10,000, ila mfuko bado unachagua lisini. Akiibadili 189 kuwa serini, utatu ni mzima lakini lisini haivutwi tena. Usiandike kwamba tripsini imegeuka kaimotripsini: mfuko wa kaimotripsini una serini hapo, kweli, lakini vitanzi vya jirani navyo huamua.