Kabla ya kulipia miwani, omba kuona bahasha ya lenzi

Ukiingia duka la miwani Dar es Salaam, iwe Kariakoo au ndani ya jengo la maduka makubwa, kitu cha kwanza unachooneshwa ni fremu. Zimepangwa ukutani chini ya taa, kila moja na jina lake la kampuni. Lenzi, ambazo ndizo zitakazokuonesha dunia, ziko kwenye droo nyuma ya kaunta, ndani ya bahasha za karatasi. Wanunuzi wengi huchagua fremu kwa nusu saa, kisha hukubali lenzi yoyote waliyotajiwa. Mwongozo huu unakwenda kinyume chake: kwanza lenzi, kisha utando uliopakwa juu yake, na jina la fremu mwisho kabisa. Nimeuandika kwa ajili ya mtu asiyeona mbali, anayetaka lenzi zenye nguvu moja tu, za kuvaa kutwa nzima.

Anza na ile bahasha. Lenzi nyingi za bei nafuu huja zikiwa tayari zimetengenezwa, na sehemu kubwa hutoka China, ambako mji wa Danyang unajulikana kwa viwanda vya miwani. Juu ya bahasha huchapwa namba kama 1.50, 1.56, 1.60 au 1.67. Hiyo inaeleza jinsi lenzi inavyopinda mwanga: inavyokuwa kubwa ndivyo lenzi inavyoweza kuwa nyembamba kwa nguvu ileile. Pembeni yake utaona herufi. UC ni lenzi tupu isiyopakwa kitu. HC ina utando mgumu wa kupunguza mikwaruzo, basi. HMC ina utando mgumu pamoja na tabaka za kuzuia mng'ao, na SHMC huongeza tabaka la juu linalofukuza maji na mafuta. Halafu kuna nguvu ya lenzi na kipenyo chake, kwa kawaida milimita 65 au 70. Muuzaji anayejiamini hukuonesha bahasha bila kusita.

Sasa suala la unene, kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Chukua kijana anayehitaji nguvu ya -4.25 macho yote mawili, ambaye umbali kati ya mboni zake, ule unaoandikwa PD kwenye karatasi ya vipimo, ni milimita 62. Amependa fremu kubwa iliyochapwa 54□18 upande wa ndani wa mkono wa fremu. Maana yake kila jicho la fremu lina upana wa milimita 54 na daraja la pua ni 18. Ukijumlisha unapata 72, yaani katikati ya jicho moja la fremu hadi katikati ya jingine. Macho yake yako 62, kwa hiyo kila lenzi lazima isogezwe ndani milimita 5, na upande wa nje unabaki na kipande kirefu cha milimita 32 kutoka katikati ya lenzi. Lenzi ya asiyeona mbali huwa nyembamba katikati na hunenepa kadiri unavyokwenda ukingoni. Kwa hiyo ukingo wa nje wa fremu hiyo utakuwa na unene wa karibu milimita 6.4 kwa lenzi ya 1.50, 5.7 kwa 1.56, 5.1 kwa 1.60 na 4.5 kwa 1.67.

Kijana huyohuyo akichukua fremu ya 48□18, hesabu inabadilika. Katikati hadi katikati ni 66, lenzi inasogezwa milimita 2 tu, na kipande cha nje ni 26 badala ya 32. Ukingo wa lenzi ya 1.56 sasa unakuwa karibu milimita 4.4. Yaani lenzi ya kawaida ya dukani ndani ya fremu ndogo imekuwa nyembamba sawa na lenzi ghali ya 1.67 ndani ya fremu kubwa. Unene hukua kwa mraba wa umbali kutoka katikati, ndiyo maana milimita chache za fremu zina nguvu kuliko jina lolote la lenzi. Nimekaa upande wa kaunta miaka mingi, na bado huu ndio ushauri ninaoutoa kwanza: chagua fremu ambayo jumla ya zile namba mbili inakaribia PD yako.

Kwa msingi huo, hivi ndivyo ninavyozipanga lenzi.

Nafasi ya kwanza ni 1.56 HMC. Kwa mtu asiyezidi kama -4, ndani ya fremu ya wastani au ndogo, sioni sababu ya kulipa zaidi. Hupatikana karibu kila duka, hukatwa siku hiyohiyo, na ikikwaruzwa kuibadilisha hakuumizi mfuko. Lenzi ya 1.50 haiko mbali nayo: ni nene kidogo lakini picha yake ni safi zaidi, hasa ukitazama kwa pembeni. Hakikisha tu imepakwa, kwa sababu 1.50 ndiyo inayouzwa tupu mara nyingi. Onyo moja: usiweke 1.56 kwenye fremu isiyo na ukingo inayoshikwa kwa skrubu. Hupasuka kwenye matundu.

Ya pili ni 1.60 HMC, kwa walio kati ya -4 na -6. Si nyembamba tu, ni imara pia, na huvumilia kutobolewa.

Ya tatu ni polikaboneti, aina ya plastiki. Kwa mtoto, fundi wa kuchomelea au gereji, na mtu mwenye jicho moja linaloona, ipande ikae ya kwanza, kwa sababu ikipigwa haivunjiki vipande kama nyingine. Haina sifa hiyo kwa bure: mwili wake ni laini na hukwaruzika haraka utando ukiondoka, na mwenye namba kubwa ataona rangi kama za upinde wa mvua kwenye kingo za taa.

Ya nne ni 1.67 na 1.74. Hizi ni za walio juu ya -6. Chini ya hapo, mara nyingi unalipia unene ambao fremu ndogo ingeuondoa. Lenzi za kioo naziweka mwisho: hazikwaruziki kirahisi, lakini ni nzito karibu mara mbili na zikivunjika ni hatari kwa jicho.

Utando wa kuzuia mng'ao ndicho kitu kimoja ambacho ningelipia kabla ya kingine chochote. Kila upande wa lenzi tupu ya 1.50 hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga, kwa hiyo pande mbili hupoteza karibu 8. Lenzi ya 1.67 isiyopakwa hupoteza karibu 12. Mwanga huo uliorudi ndio unaokuonesha taa mbilimbili usiku unapoendesha, na ndio unaowafanya watu waone dirisha kwenye miwani yako badala ya macho. Tabaka nzuri hushusha hasara hiyo hadi karibu asilimia 1. Kwa hiyo anayekuuzia 1.67 tupu amekuuzia lenzi nyembamba inayong'aa kuliko ile ya bei ndogo.

Kupima ni rahisi. Simama chini ya taa ndefu ya dari, inamisha lenzi, utazame taswira ya taa juu yake. Ikiwa nyeupe na kali, hakuna utando. Ikiwa hafifu, ya kijani, buluu au zambarau, upo. Utaona taswira mbili, moja ya upande wa mbele na moja ya nyuma. Zote ziwe na rangi. Moja ikiwa nyeupe, lenzi imepakwa upande mmoja.

Adui wa utando huu kwetu ni joto. Plastiki hutanuka kuliko tabaka zilizo juu yake, hivyo miwani iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari mchana huota nyufa ndogondogo kama utando wa buibui, na hazifutiki. Adui wa pili ni kufuta vumbi kavu kwa kanga au ncha ya shati. Suuza kwa maji ya baridi na tone la sabuni ya vyombo, kisha ndiyo ufute.

Nyongeza mbili husukumwa sana dukani. Ya kwanza ni kuchuja mwanga wa buluu. Muuzaji atakumulikia kalamu yenye mwanga wa buluu, na kweli lenzi itauzuia usifike kwenye kadi aliyoiweka nyuma yake. Jaribio hilo linaonesha tu kwamba mwanga ule umezuiwa, halioneshi kwamba macho yako yaliuhitaji. Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao unaochambua tafiti za afya, yaliyokusanya majaribio 17, hayakuona kwamba lenzi hizo zinapunguza uchovu wa macho kwa watumiaji wa kompyuta zikilinganishwa na lenzi za kawaida kwa muda mfupi. Weka fedha hiyo kwenye HMC. Ya pili ni lenzi zinazogeuka nyeusi juani. Zinafanya kazi, ila zinategemea mionzi ambayo kioo cha mbele cha gari huizuia, hivyo dereva hafaidiki sana. Tena joto huzipunguza weusi: zitakuwa nyeusi zaidi Njombe kuliko Dar.

Kuhusu majina, tenganisha kampuni ya fremu na ya lenzi. Ray-Ban na Oakley ni mali ya EssilorLuxottica, ambayo pia hutengeneza fremu za Prada kwa leseni. Gucci hutoka Kering Eyewear. Jina hilo kwenye mkono halisemi lolote kuhusu lenzi utakayowekewa. Kwa lenzi, majina yenye uzito ni Essilor na utando wake Crizal, Zeiss na DuraVision, pamoja na Hoya. Utando wao hudumu zaidi, na kwa mwenye namba kubwa au anayehitaji lenzi za mbali na karibu kwa pamoja, tofauti huonekana. Kwa -2 ya kawaida, sijashawishika.

Mahali pa kununua, ningeanza na duka lililo ndani ya hospitali ya macho, kwa Dar kama CCBRT, kwa sababu anayepima na anayetengeneza wako chini ya paa moja na kosa hurudishwa bila mabishano. La pili ni duka dogo lenye mpimaji aliyesajiliwa na mashine yake ya kukatia. Ya tatu ni maduka ya kifahari: huduma ni nzuri, ila omba bei tatu tofauti, ya fremu, ya lenzi na ya utando, kwani ofa ya pamoja huficha lenzi ya UC. Miwani ya kusomea ya mezani barabarani inamfaa tu mwenye macho mawili yaliyo sawa anayehitaji kukuza maandishi.

Siku ya kuchukua, mwambie fundi aiweke miwani kwenye mashine ya kusomea lenzi ukiwa umesimama hapo. Nguvu isipishane na karatasi yako kwa zaidi ya 0.12. Kisha aweke nukta kwenye kitovu cha kila lenzi na apime kati yake kwa rula. Kwa yule kijana wetu lazima isome 62. Ikisoma 72, lenzi zimekatwa katikati ya fremu bila kusogezwa, na macho yatavutana hadi kichwa kianze kuuma. Hiyo usiichukue, hata ukiambiwa utaizoea.